Barua ya kujieleza inatakiwa usiku huu: namna ya kuiandika ndani ya saa nne

Umepewa barua kazini. Imetaja tuhuma, imekutaka ueleze kwa maandishi kwa nini usichukuliwe hatua za kinidhamu, na mwisho wa kuijibu ni leo saa 6:00 usiku kwa baruapepe. Pengine uliipokea jana ukashindwa hata kuifungua mara ya pili, pengine umekabidhiwa leo mchana. Sasa ni saa 1 usiku. Saa nne zinatosha kuandika barua nzuri ya kurasa mbili, ila hazitoshi kusema yote yaliyo moyoni. Kwa hiyo kazi kubwa ya jioni hii ni kuchagua.

Tutafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mtunza stoo ameandikiwa barua ya tarehe 29 Juni yenye tuhuma tatu. Ya kwanza, hesabu ya stoo ya tarehe 26 Juni ilikuta katoni 36 za wino wa printa wakati leja inaonyesha 48, yaani upungufu wa katoni 12. Ya pili, alichelewa kazini tarehe 15, 16 na 18 Juni. Ya tatu, alimtolea msimamizi wake lugha isiyo ya staha siku ya hesabu. Majibu yanatakiwa tarehe 30 Juni.

Saa 1:00 hadi 1:30. Soma barua yao kabla ya kuandika yako

Ichape au inakili kwenye karatasi, kisha shika kalamu. Zungushia kila tarehe, kila idadi na kila jina la cheo. Pigia mstari kila neno linalosema ulitenda nini au ulikosa kutenda nini. Halafu andika kila tuhuma upya kwenye mstari wake, kwa maneno yao wenyewe, bila kuongeza wala kulainisha.

Hatua hii inaonekana ndogo, lakini ndipo barua nyingi zinapoharibikia. Mtu aliyeumia husoma alichokiogopa badala ya kilichoandikwa. Mtunza stoo wetu akisoma "upungufu wa katoni 12" anasikia "wewe ni mwizi", kisha anatumia ukurasa mzima kukana wizi ambao barua haikuutaja. Upungufu ambao kweli umetajwa unabaki bila jibu.

Angalia pia mambo matatu ya utaratibu: nani hasa anapaswa kupokea majibu, kwa njia gani, na saa ngapi. "Saa 6 usiku wa tarehe 30" inaweza kusomwa kwa namna mbili, kwa hiyo hesabu kwamba mwisho wako ni saa 5 usiku. Na kumbuka muda huo kwa kawaida ni wa barua kuwafikia, si wa wewe kubonyeza kitufe cha kutuma.

Kama ndani ya barua yao kuna neno wizi, udanganyifu, kughushi au jambo lolote linaloweza kufikishwa polisi, simamisha kalamu kwanza. Mpigie wakili, au kiongozi wa chama cha wafanyakazi, jioni hiihii. Barua utakayosaini inaweza kusomwa nje ya ofisi yenu.

Saa 1:30 hadi 2:15. Pima kila tuhuma

Chora jedwali la safu nne: tuhuma, jibu lako, ushahidi ulio nao mkononi usiku huu, na uzito. Kwenye safu ya jibu ruhusu maneno matatu tu: nakubali, nakana, au nakubali sehemu. Ukishindwa kuchagua moja, bado hujajua unachotaka kusema, na ukianza kuandika utazunguka.

Uzito haupimwi kwa maumivu. Unapimwa kwa swali moja: tuhuma hii ikithibitika peke yake, itanigharimu nini? Kwa mtunza stoo, lugha isiyo ya staha ndiyo iliyomchoma zaidi, kwa kuwa anaamini yeye ndiye aliyedharauliwa siku ile. Lakini upungufu wa mali ndio unaoweza kumwondoa kazini. Kuchelewa kuko katikati, na lugha ni ya mwisho. Basi nusu ya barua na nusu ya muda uliobaki ni vya katoni 12, hata kama moyo unamvuta kwingine.

Kuchagua lililo zito hakumaanishi kuyaacha mengine. Tuhuma isiyojibiwa huchukuliwa kirahisi kama imekubaliwa, kwa hiyo kila moja ipate jibu, hata la sentensi mbili. Utakachoacha kabisa ni yale ambayo hayakuulizwa: ugomvi wa mwaka jana, mshahara uliocheleweshwa, mwenzako anayechelewa kila siku na haandikiwi barua. Hata kama yote ni kweli, hayabadilishi jibu la katoni 12 ziko wapi. Malalamiko ya haki yana barua yake na siku yake.

Sasa ushahidi. Mtunza stoo akirudisha kumbukumbu anakuta kwamba tarehe 19 Juni jioni alitoa katoni 12 kwenda tawini, kwa hati ya kutolea bidhaa namba 0417. Dereva alisaini, na mpokeaji wa tawi alisaini. Nakala ya hati iko kwenye faili stoo, na stoo imefungwa. Hata hivyo ana picha yake kwenye simu, aliyoipiga siku ileile ili amtumie mpokeaji. Ana pia ujumbe wa msimamizi wa tarehe 18 Juni, saa 1:40 asubuhi, unaomwelekeza apitie tawini kabla ya kufika ofisini. Kuhusu tarehe 15 na 16 hana kitu. Alichelewa kweli.

Gawa ushahidi wako hivyohivyo: ulio nao, na ule uliopo ila huwezi kuufikia usiku huu. Huo wa pili usiuache nje ya barua, na usiubuni. Taja ni waraka gani, uko wapi, na uombe ukaguliwe. Ukisema "hati halisi iko kwenye faili la utoaji la mwezi Juni" unampa msomaji mahali pa kwenda kuangalia. Ukisema "ushahidi upo na nitauleta", humpi kitu.

Kama sehemu kubwa ya ushahidi wako haifikiki, omba nyongeza ya muda kabla muda haujaisha. Taja sababu na tarehe kamili unayoomba. Lakini peleka majibu uliyo nayo usiku huuhuu, kwa sababu ombi la kuongezewa muda linaweza kukataliwa, na ukilitegemea peke yake utaamka bila barua na bila muda.

Saa 2:15 hadi 3:45. Andika, ukianzia katikati

Usianze na salamu wala aya ya ufunguzi. Hiyo ni rahisi, itakuja mwisho na itachukua dakika tano. Anza na tuhuma nzito kuliko zote wakati kichwa bado kina nguvu.

Rasimu ya kwanza ya mtu mwenye hofu huwa hivi:

"Kwanza kabisa nimesikitishwa sana na tuhuma hizi, kwani nimeitumikia kampuni kwa uaminifu kwa miaka sita. Huenda kulikuwa na makosa ya hapa na pale katika kumbukumbu lakini mimi si mwizi, na wapo watu wengine wanaoingia stoo bila ruhusa. Naomba radhi kwa yote yaliyotokea."

Kila sentensi hapo inamgeukia mwandishi wake. Neno "mwizi" amelileta yeye. "Makosa ya hapa na pale" hayana tarehe wala idadi, kwa hiyo msomaji anaweza kuyapanua atakavyo. "Watu wengine wanaoingia bila ruhusa" ni shutuma isiyo na ushahidi, na vilevile ni kukiri kwamba mlinzi wa mlango wa stoo, ambaye ni yeye, hakuulinda. Na kuomba radhi "kwa yote" ni kukubali tuhuma zote tatu kwa pamoja, ilhali mbili hazikubali. Baada ya hayo yote bado hatujui katoni ziko wapi.

Sasa aya hiyohiyo iliyofuata jedwali:

"Tuhuma ya 1: upungufu wa katoni 12. Nakana kwamba katoni hizi zimepotea. Zilitolewa stoo tarehe 19 Juni kwenda tawini kwa hati ya kutolea bidhaa namba 0417, iliyosainiwa na dereva aliyezichukua na mpokeaji wa tawi (Kiambatisho A). Leja inaonyesha katoni 48 kwa sababu utoaji huo haukuingizwa. Ukitoa 12 katika 48 zinabaki 36, idadi ileile iliyokutwa kwenye hesabu ya tarehe 26 Juni. Nakubali kwamba nilipaswa kuiingiza hati hiyo kwenye leja siku ileile na sikufanya hivyo. Hati halisi iko kwenye faili la utoaji la mwezi Juni, stoo. Naomba ikaguliwe pamoja na kumbukumbu za mapokezi za tawi."

Angalia mpangilio wake. Sentensi ya kwanza ni jibu lenyewe. Inayofuata ni tukio, lenye tarehe, namba na watu waliohusika. Halafu inaelezwa kwa nini leja inasema vingine, na hesabu inafungwa: 48 toa 12 ni 36. Hesabu hiyo ndiyo nguvu ya barua nzima, kwa kuwa msomaji anaweza kuirudia mwenyewe na kupata jibu lilelile. Ukiwa na namba zinazokutana namna hiyo, ziweke wazi na usizizungushie maneno.

Kisha kuna sentensi ya kukubali, na hiyo wengi huikwepa. Mtunza stoo alikosea kweli, hakuingiza hati kwenye leja. Akilificha kosa hilo, maelezo yake hayasimami, maana msomaji atauliza leja ilisemaje 48 kama kila kitu kilifanyika sawasawa. Akilikubali, amekubali kosa la kuchelewesha maandishi na amekana kupotea kwa mali, na umbali kati ya hayo mawili ni mkubwa sana. Kubali kosa lako kwa kipimo chake: siku gani, hati gani, mara ngapi. Neno "huenda" lisionekane popote hapo. Ama ulifanya, ama hukufanya, ama hukumbuki. Na kama hukumbuki, andika "sikumbuki" na utaje waraka unaoweza kuonyesha ukweli.

Tuhuma ya pili itajibiwa kwa ufupi: "Nakubali kuchelewa tarehe 15 na 16 Juni, na sikutoa taarifa mapema. Tarehe 18 Juni sikuchelewa. Nilielekezwa na msimamizi wangu, kwa ujumbe wa saa 1:40 asubuhi, nipitie tawini kwanza (Kiambatisho B)." Imetosha. Ukianza kusimulia foleni, mvua na mtoto aliyeugua, utafunika siku moja ambayo una ushahidi nayo. Sababu ya kuchelewa iwekwe tu ikiwa ni ya maana na unaweza kuionyesha, kwa mfano cheti cha hospitali.

Ya tatu ndiyo inayotaka kujizuia zaidi: "Nakana tuhuma hii. Barua haikutaja maneno ninayodaiwa kuyasema, saa yaliyosemwa, wala waliokuwepo. Nikipatiwa maelezo hayo nitayajibu kikamilifu." Usisimulie ugomvi ulivyokuwa. Ukisimulia, utakuwa umewajazia tuhuma ambayo wao waliiacha tupu, na msimamizi aliyetukanwa au kutukana ni mtu ambaye pengine utafanya naye kazi tena. Jibu hili ni la mtu ambaye kweli hakutoa lugha hiyo. Ikiwa ulisema neno baya na walikuwepo watu, kubali neno hilo moja, liombee radhi hilo moja, na uishie hapo.

Baada ya tuhuma, andika ombi. Barua nyingi hukosa sehemu hii. Hueleza kwa kirefu kisha huishia "natumaini mtanielewa", na msomaji anabaki hajui aamue nini. Mtunza stoo anaandika: "Kwa maelezo haya naomba tuhuma ya 1 na ya 3 zifutwe. Kuhusu kuchelewa kwa tarehe 15 na 16 Juni, naomba izingatiwe kwamba katika miaka sita ya kazi sijawahi kupewa onyo. Niko tayari kufika mbele ya kikao cha nidhamu nikihitajika." Hapa ndipo miaka sita inapokaa, katika sentensi moja, tena kama ni kweli na faili lake linaonyesha hivyo.

Sasa malizia kichwa na ufunguzi. Anwani yako, tarehe, jina la cheo na anwani ya mwandikiwa, kisha mstari wa YAH au KUH, vyovyote mnavyoandika kwenu, ukiwa na namba ya kumbukumbu ya barua yao. Ufunguzi ni sentensi mbili: "Rejea barua yako ya tarehe 29 Juni yenye kichwa tajwa hapo juu. Majibu yangu kwa kila tuhuma ni haya." Kama jibu lako zito ni fupi na la uhakika, liweke hapo pia: katoni 12 zilitolewa kwa hati namba 0417, hazikupotea. Msomaji mwenye barua kumi mezani atalikuta kabla hajachoka.

Saa 3:45 hadi 4:30. Acha, kisha ikague

Inuka kwa dakika kumi na tano. Kula, oga, tembea uani. Ukirudi, isome kwa sauti mara moja tu, na popote unapokosa pumzi ikate sentensi.

Halafu kagua tarehe na namba peke yake. Weka barua yao na viambatisho vyako upande mmoja na barua yako upande mwingine, ukiwa na kidole kwenye kila namba: 26 Juni ni 26 Juni, 0417 ni 0417, saa 1:40 ni saa 1:40 kama inavyoonekana kwenye simu. Hapa kuna mtego wa lugha yetu. Simu ikionyesha 07:40, hiyo ndiyo saa 1:40 asubuhi, na picha ya ujumbe itaonyesha 07:40. Msomaji akiona namba mbili tofauti anaweza kudhani umechezea saa. Andika "saa 1:40 asubuhi (07:40 kwenye picha)" na utakuwa umelimaliza.

Kama yupo mtu wa nyumbani au rafiki unayemwamini, mpe barua bila kumweleza chochote. Mwulize mambo matatu: ninatuhumiwa nini, ninajibu nini, ninaomba nini. Akikosa mojawapo, tatizo liko kwenye barua, usimlaumu msomaji. Usimwulize kama ni nzuri, atakwambia ni nzuri.

Ukiona imezidi kurasa mbili, punguza kuanzia kwenye hisia, kisha kwenye sababu zisizo na ushahidi. Aya ya tuhuma nzito usiiguse.

Saa 4:30 hadi 5:00. Ipeleke

Chapa, saini, kisha iskani au ipige picha kwenye mwanga mzuri, na uihifadhi kama PDF. Viambatisho viwe na herufi zilezile ulizotaja ndani ya barua, na herufi hiyo ionekane juu ya kila picha. Jina la faili liwe la kueleweka, mfano `Majibu_ya_barua_ya_29_Juni.pdf`, lisiwe msururu wa namba uliotolewa na kamera.

Kabla ya kutuma fungua kila faili uliloambatisha. Makosa mawili ya saa hizi ni kutuma rasimu ya kwanza, ile yenye "naomba radhi kwa yote", na kutuma barua bila viambatisho. Ya kwanza haifutiki. Kwa hiyo rasimu ihamishiwe kwenye folda nyingine tangu unapoanza kusafisha nakala ya mwisho.

Tuma kwa anwani iliyotajwa kwenye barua yao, na ujitumie nakala. Ndani ya baruapepe andika mistari miwili tu: kwamba umeambatisha majibu ya barua ya tarehe fulani pamoja na viambatisho A na B, na unaomba uthibitisho wa kupokelewa. Usieleze upya kesi yako hapo, maana utajikuta umeandika barua ya pili ambayo hukuikagua. Ikirudishwa kwa sababu faili ni kubwa, punguza ukubwa wa picha au tuma viambatisho kwa baruapepe mbili zilizoandikwa "1 kati ya 2" na "2 kati ya 2". Ndiyo maana unatuma saa 5.

Asubuhi nenda na nakala mbili zilizochapwa. Moja waachie, nyingine igongwe muhuri au isainiwe kwamba imepokelewa, pamoja na tarehe, ubaki nayo. Kisha omba mbele ya mtu mwingine faili la utoaji la mwezi Juni lifunguliwe, hati namba 0417 ionekane, na nakala yake itolewe. Usiichomoe mwenyewe wala usikimbilie kuiingiza kwenye leja kwa tarehe ya nyuma, kwa sababu leja iliyorekebishwa baada ya tuhuma inaweza kuzaa tuhuma ya nne, na hiyo itakuwa nzito kuliko zote ulizojibu.